Barua ya wazi kwa TBS, VETA na Zimamoto: friji za R600a zisitobolewe majumbani

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania,
Mkurugenzi Mkuu wa VETA,
na Kamishna Jenerali wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi friji hapa Dar es Salaam. Ninaandika kwa sababu ya karatasi ndogo inayobandikwa nyuma ya friji, chini kabisa, juu ya kompresa. Ina pembetatu ya njano yenye mwali wa moto, na pembeni yake, kwenye bamba la taarifa, pameandikwa R600a na uzito wa gesi kwa gramu. Mwenye friji haioni, maana friji imeegemezwa ukutani. Akiivuta aioshe, ataona maandishi ya Kiingereza au Kichina na kuirudisha mahali pake. Mtu pekee anayefika pale ni fundi, naye mara nyingi amefika akiwa ameshawasha tochi ya kuchomelea.

R600a ni isobutani, ndugu wa karibu wa gesi iliyomo kwenye kiberiti cha gesi. Inawaka. Friji mpya nyingi za nyumbani zinazouzwa Kariakoo leo zinaitumia, na za mtumba kutoka Ulaya ndiyo usiseme, kwa kuwa huko ilianza kutumika kwenye friji mwaka 1993 pale kiwanda kimoja cha Ujerumani kilipoanza kuzitengeneza kwa msukumo wa Greenpeace. Sina ugomvi na gesi hii. R134a iliyokuwepo kabla yake inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, wakati isobutani haizidi mara chache tu. Makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yanatuondoa kwenye gesi za aina ya R134a, na ni sawa kabisa. Tena friji ya isobutani hula umeme kidogo na kompresa yake haipigi kelele. Ninacholalamikia ni kwamba gesi imebadilika lakini kisu cha jikoni na mkono wa fundi havijabadilika.

Niwaoneshe kwa friji moja ya kawaida: milango miwili, friza juu, aina ile ambayo barafu huganda ukutani na lazima iyeyushwe. Bamba lake limeandikwa R600a, gramu 52. Gramu hizo ni kama viberiti vya gesi kumi hivi. Zikiachiwa hewani kwa joto la Dar zinakuwa lita 22 za gesi.

Isobutani huanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 1.8 ya hewa, yaani kama gramu 43 kwa kila mita ya ujazo. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita mbili na nusu kina mita za ujazo 22 na nusu. Ili hewa yote ya chumba hicho iweze kuwaka ingehitajika karibu kilo moja ya gesi, na friji yetu ina gramu 52 tu. Kwa hiyo mtengenezaji hadanganyi anaposema friji yake ni salama. Kiwango cha kimataifa cha friji za nyumbani kimeweka kikomo cha gramu 150 kwa kila mzunguko wa gesi, na hesabu yake inakwenda kwa njia hiyohiyo.

Sasa tufanye hesabu hiyohiyo ndani ya friza. Friza ya juu ina lita 50 hivi. Humo zinatosha gramu mbili na kidogo kufikisha hewa kiwango cha kuwaka. Zikipita gramu kumi hivi, gesi inakuwa nyingi mno kwa hewa iliyomo na haiwaki, na mtu anaweza kudhani hapo ndipo penye usalama. Lakini mlango ukifunguliwa, hewa inaingia, gesi inamwagika nje, na mahali fulani kati ya nje na ndani mchanganyiko unapita kwenye kiwango kile cha kuwaka. Isitoshe, isobutani ni nzito mara mbili ya hewa. Haipandi dirishani kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inakaa nyuma ya friji na chini ya meza. Kwenye nyumba zetu nyingi za kupanga, chumba kilekile ndicho jiko, sebule na pa kulala, na jiko la mkaa au la gesi ya sahani mbili limewekwa chini, palepale gesi inapokwenda. Mtengenezaji alipiga hesabu ya chumba kizima. Moto hauhitaji chumba kizima, unahitaji kona moja.

Halafu kuna suala la harufu. Mtungi wa gesi ya kupikia ukivuja, jirani wa pili anajua, kwa sababu gesi ile huwekwa harufu makusudi. Isobutani ya friji haiwekwi. Inatakiwa iwe safi ili mfumo ufanye kazi, hivyo inatoka bila dalili yoyote puani.

Tobo lenyewe linatokeaje? Njia ya kwanza mnaifahamu wote. Barafu imeganda, samaki wameshikana na ukuta wa friza, biashara ya barafu na juisi inasubiri. Kinachukuliwa kisu au bisibisi. Nyuma ya barafu ile kuna bamba jembamba la alumini ambalo ndani yake zinapita njia za gesi, na ncha ya kisu inalipenya bila kutumia nguvu. Kama kompresa imezimika, mtu atasikia "fsss" na pengine ataona matone ya mafuta. Lakini kama kompresa inafanya kazi, huenda asisikie chochote. Isobutani huchemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, na friza inapofanya kazi gesi iliyo kwenye bamba iko baridi kuliko hapo, kwa hiyo shinikizo lake liko chini ya shinikizo la hewa ya nje. Tobo halipulizi, linavuta. Hewa na unyevu vinaingia ndani ya mabomba. Kompresa ikipumzika, shinikizo linapanda na gesi inaanza kutoka polepole ndani ya friza iliyofungwa, usiku, watu wamelala.

Ndani ya friji kuna taa na swichi yake ya mlangoni, kuna thamostati, na zile zisizogandisha barafu zina kiunguza cha kuyeyushia. Viwanda vinavitengeneza vifaa hivi kwa namna ambayo cheche haifiki kwenye gesi, na joto la sehemu yoyote lazima libaki nyuzi 100 chini ya joto la kuiwasha isobutani, ambalo ni nyuzi 460. Ulinzi huo unadumu mpaka siku kifaa kinapobadilishwa kwa kile cha "universal" cha bei rahisi, chenye mguso ulio wazi. Nimeona rilei za namna hiyo, yaani swichi za kuanzishia kompresa, zimefungwa kwa waya na solotepu kwenye kompresa za R600a. Kila kompresa inapoanza kufanya kazi, cheche inaruka, sentimita chache kutoka sakafuni.

Njia ya pili ya tobo ni sisi mafundi, na hapa ndipo barua yangu ilipo hasa.

Mama mwenye friji anaona haigandishi. Anamwita kijana wa mtaani aje nyumbani. Kijana anagusa kompresa, inaunguza, anatamka neno ambalo kila mwenye friji amelisikia: "Gesi imeisha." Anatoa valvu ya kubana, ile inayofungwa juu ya bomba na sindano yake ikalitoboa. Anafungua, anasikia mluzi kidogo, anaacha gesi itoke jikoni. Mluzi ukinyamaza anaona mfumo ni mtupu, anawasha tochi na kukata bomba kwa moto ili aweke draya mpya, kile kichujio kinachonyonya unyevu.

Kwa R134a tabia hiyo ilikuwa chafu, lakini haikuwa ikiwasha chumba. Gesi ile haiwaki kwenye hewa ya kawaida, ingawa ikipita kwenye mwali hutoa mvuke wa sumu unaokaba koo. Kwa hiyo kizazi kizima cha mafundi kimejifunza kwamba mluzi ukiisha, tochi inaruhusiwa. Kwa isobutani mluzi kuisha maana yake ni moja tu: shinikizo la ndani limelingana na la nje. Mabomba bado yamejaa gesi. Zaidi ya hapo, isobutani hujichanganya vizuri sana na mafuta ya kompresa, na gramu kadhaa hubaki humo zimejificha. Kompresa ikipata joto la tochi, mafuta yanazitema. Mwali unaruka kwenye mdomo wa bomba, usawa wa uso wa mtu aliyepiga magoti. Na kama tobo la kisu lilikuwa limeshavuta hewa ndani, basi ndani ya bomba lenyewe mna mchanganyiko unaoweza kuwaka. Hapo moto hauishii mdomoni mwa bomba.

Tuseme kijana amenusurika na kuchomelea kumekwenda salama. Anafika kwenye kujaza, na geji yake inamdanganya. Alizoea R134a, ambapo upande wa kuvuta akiona kama psi 5 hadi 10 anaridhika. Kwenye friji nzima ya isobutani, sindano ya geji hukaa chini ya sifuri kompresa ikiwa inafanya kazi, na ndivyo inavyotakiwa. Yeye anaona sifuri, anasema bado, anaongeza. Anaona sifuri tena, anaongeza tena. Friji yenye haki ya gramu 52 inaondoka na mara mbili au zaidi, na hesabu zote za usalama nilizotaja juu zimevunjika bila mtu kubandika karatasi nyingine. Isobutani hujazwa kwa mizani inayosoma gramu, siyo kwa geji wala kwa mkono kushika bomba kama limepoa.

Wapo pia wanaojaza R134a kwenye kompresa ya isobutani, kwa sababu ndiyo gesi waliyo nayo kwenye mtungi. Kompresa ile ilitengenezewa gesi nyingine na mafuta mengine, itateseka na kufa. Na wapo wanaofanya kinyume, wanaochukua gesi ya kupikia na kuiingiza kwenye friji ya zamani ya R134a. Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Gesi ya kupikia ina propani, ambayo shinikizo lake ni kubwa zaidi ya mara mbili ya isobutani. Haikusafishwa wala kukaushwa kwa ajili ya friji. Na vifaa vya umeme vya friji ile havikujengwa kukaa karibu na kitu kinachowaka. Nyuma bado pameandikwa R134a. Fundi wa pili atakayekuja mwakani atasoma, ataamini, atawasha tochi.

Mtaniuliza, sasa kazi hii ifanywe wapi? Ifanywe karakana, mahali pa wazi, si jikoni kwa mtu. Kabla ya kugusa bomba, fundi anasoma bamba. Anaondoa kila kinachoweza kuwasha moto kwenye eneo lake la kazi na kuweka karibu kizimamoto cha poda kavu. Kifaa cha kunusa gesi anakiweka chini karibu na sakafu, siyo mezani, kwa sababu gesi iko chini. Gesi anaitoa polepole kwa mpira mrefu unaofika nje, mbali na mfereji na mashimo ya maji taka. Kisha anapiga vakyumu ili ile iliyojificha kwenye mafuta itoke, na gesi inayotoka kwenye pampu nayo anaielekeza nje kwa mpira. Baada ya hapo anasafisha mabomba kwa naitrojeni kavu. Asitumie oksijeni hata siku moja, maana oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka yenyewe bila kungoja cheche. Bomba analikata kwa kikata bomba cha mkono, si kwa moto, na viungo anavifunga kwa pete za kubana zisizohitaji tochi kabisa. Uvujaji anautafuta kwa povu la sabuni huku mabomba yamejazwa naitrojeni. Kuna wazee wa kazi hii ambao bado wanatafuta uvujaji kwa taa ya mwali, kama walivyofundishwa enzi za gesi za kale ambazo ziliubadilisha mwali kuwa wa kijani. Mwisho anapima gramu zilezile za kwenye bamba, anafunga bomba la kujazia bila kuacha valvu ya kutoboa imening'inia, na anabandika upya alama ya moto.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachowezekana kwenye chumba chenye kitanda, watoto na jiko la mkaa. Tena bamba la friza likishatobolewa kwa kisu, mara nyingi halitengenezeki kwa namna ya kuaminika. Wateja hawapendi kusikia hivyo, na fundi anayesema ukweli hupoteza kazi kwa yule anayepaka gundi.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na ninayaelekeza kwa kila mmoja.

TBS, nawaomba onyo la Kiswahili liwekwe mlangoni mwa friza kwa ndani, mahali mkono unapoingia na kisu, kwenye kila friji ya R600a inayoingia nchini, mpya au mtumba. Maneno yawe machache: "Gesi ya friji hii inawaka. Usitoe barafu kwa kisu wala kitu chenye ncha. Usitoboe. Ikitobolewa, zima moto wote, fungua milango na madirisha, toka nje." Kitabu cha maelekezo hakitoshi, kinabaki kwenye boksi dukani. Na muuzaji amwambie mnunuzi namna ya kuyeyusha barafu: zima friji, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani, ngoja. Atangoja saa kadhaa, basi. Asiweke mshumaa wala jiko ndani, jambo ambalo nisingelitaja kama nisingeliona.

VETA, nawaomba cheti cha friji kitenganishe wazi mtu aliyefanya mtihani wa vitendo wa gesi zinazowaka na yule ambaye hakuufanya. Wako vijana wenye vyeti halali walivyopata kabla gesi hizi hazijaenea, nao wanafanya kazi kwa nia njema. Wapewe kozi fupi ya siku chache, na mtihani usiwe wa kuandika tu. Mwanafunzi aletewe friji isiyo na karatasi nyuma, aonekane kama ataitafuta kompresa na kusoma bamba lake, au atawasha tochi.

Jeshi la Zimamoto, ninyi mna jambo ambalo hakuna mwingine analo: mnafika baada ya moto. Naomba kwenye taarifa zenu, kila moto ulioanzia karibu na friji, iandikwe aina ya gesi, uzito wake kama bamba bado linasomeka, na kama palikuwa na fundi akifanya kazi au valvu ya kutoboa kwenye bomba. Kwa sasa mtaani kila moto wa friji unaitwa "shoti ya umeme", na huenda nyingi ni kweli shoti, lakini hatutajua mpaka mtu aangalie bomba. Na kwenye elimu mnayotoa kwa umma waambieni watu kwamba friji ikitobolewa wasikimbilie kuchomoa plagi wala kuwasha taa waone vizuri. Wazime umeme kwenye swichi kuu karibu na mita ya LUKU ikiwa iko nje ya chumba, watoke, wapige 114 moto ukionekana.

Jambo la mwisho ni la wanunuzi wa chuma chakavu, ambao sijui ni nani kati yenu anawasimamia. Friji iliyokufa inanunuliwa kwa ajili ya kompresa na shaba, na mabomba yake yanakatwa kwa msumeno au moto palepale uani. Friji kufa kwa umeme hakuitoi gesi yake. Gramu 52 zinaweza kuwa zote zimo. Hata povu la kuta zake, kwenye friji nyingi za leo, limeumuliwa kwa gesi nyingine inayowaka. Nashauri mizani za chuma chakavu zisipokee kompresa ya R600a isipokuwa gesi yake imetolewa na fundi mwenye cheti, na utaratibu huo uanze na yadi kubwa, ambazo zinajulikana zilipo.

Niko tayari kuja kuonesha kwa vitendo, kwenye uwanja wenu wowote, na friji chakavu nitaleta mwenyewe.

Wenu,
Fundi friji,
Buguruni, Dar es Salaam